Kujumlisha namba za nukta inayoelea kwa mkono: hatua nne na vyumba vitatu vya akiba

Kila ninapowapa wanafunzi wangu wa jioni hapa Ngamiani swali la kujumlisha namba mbili za nukta inayoelea, madaftari yanarudi na kosa lile lile. Kujumlisha wanajua. Wanakosea kabla ya hapo: wakisogeza namba moja ili ilingane na nyingine, biti, yaani tarakimu za 0 na 1, zinazotoka nje ya mstari wanazifuta papo hapo. Wanapofika kwenye kukadiria hawana tena kitu cha kukadiria nacho, na jibu linakuwa la kubahatisha.

Mwongozo huu unafuata biti hizo zinazotoka nje, kutoka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Tutatumia namba ndogo sana ili kila jibu uweze kulihakiki kichwani, kisha mwishoni tutafanya hesabu moja ya kompyuta ya kweli, ya shilingi hamsini.

## Unavyohitaji

- Daftari la hesabu lenye vyumba. Kila biti ikae chumba chake. Kwenye karatasi tupu biti zinapishana na hutajua zimepishana wapi.
- Penseli, ufutio, na kalamu ya rangi nyingine kwa ajili ya vyumba vya akiba.
- Orodha ya thamani za vipeo vya 2 pembeni ya ukurasa: 16, 8, 4, 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125, 0.0625.
- Kwa sehemu ya mwisho tu, kompyuta yenye kompaila ya C.

## Namba zetu zinavyoandikwa

Kila namba ina sehemu mbili: mantisa, yaani tarakimu zake, na kipeo cha 2, kinachoonyesha nukta isogezwe wapi. Mantisa yetu ina biti 4: moja kabla ya nukta na tatu baada yake. Biti ya kwanza lazima iwe 1. Hivyo 13, ambayo katika mfumo wa mbili ni 1101, tunaiandika `1.101 × 2^3`: mantisa ni 1.101, kipeo ni 3. Namba 2.5 ni 10.1, tunaiandika `1.010 × 2^1`.

Kwa kuwa biti ni nne tu, si kila namba inaandikika. Kati ya 8 na 16 tunaweza kuandika namba kamili pekee: 8, 9, 10, mpaka 15. Kati ya 4 na 8 tunapata na nusu zake: 4, 4.5, 5. Kuanzia 16 mpaka 32 tunaruka mbili mbili: 16, 18, 20. Umbali huu kati ya namba moja na jirani yake nitauita mwanya. Kipeo kikipanda kwa moja, mwanya unakuwa maradufu.

Jibu sahihi la kujumlisha ni lipi basi? Ni ile namba inayoandikika iliyo karibu zaidi na jumla halisi. Hatua zote nne zipo kwa ajili ya hilo.

Sasa chukua kalamu ya rangi. Kulia kwa mantisa chora mstari wa wima, na baada yake vyumba vitatu:

```
1.000 | M K N
```

M ni biti mlinzi, K ni biti ya kukadiria, N ni biti nata. Kazi zao zitaonekana tunapokwenda.

## Hatua ya 1: Linganisha vipeo

Mfano wetu wa kwanza ni 8 + 0.5625. Ya kwanza ni `1.000 × 2^3`. Ya pili ni `1.001 × 2^-1`, kwa sababu 0.5625 ni 0.5 kuongeza 0.0625.

Huwezi kujumlisha tarakimu za nafasi tofauti, kama vile usivyoweza kuweka makumi chini ya mamoja. Toa kipeo kidogo kwenye kikubwa: 3 − (−1) = 4. Namba yenye kipeo kidogo isogee kulia mara 4.

Kwa nini tusogeze ndogo, tusisogeze kubwa kwenda kushoto? Kwa sababu kinachotoka upande wa kulia ni biti nyepesi, zenye thamani ndogo. Ukisukuma namba kubwa kushoto, biti inayotoka ni ile nzito kuliko zote, na hesabu imekwisha hapo.

Tukiisogeza bila kufuta chochote, 1.001 inakuwa 0.0001001. Biti tatu za kwanza baada ya nukta (000) zinabaki kwenye mantisa. Inayofuata, 1, inaingia M. Inayofuata, 0, inaingia K. Zimebaki 0 na 1, na chumba ni kimoja tu, N.

Hapa ndipo biti nata inapofanya kazi yake. Kila biti inayovuka K inapitia N. Zikipita 0 tupu, N ni 0. Ikipita 1 hata mara moja, inanatia hapo: N inakuwa 1 na haibadiliki tena, hata zikifuata 0 mia. N haitwambii kilichopotea ni kiasi gani. Inatwambia tu kwamba kipo.

```
1.000 | 0 0 0    × 2^3
0.000 | 1 0 1    × 2^3
```

Angalia: usiandike N kama nakala ya biti ya tatu iliyotoka. Biti ya tatu iliyotoka hapa ilikuwa 0; ya nne ilikuwa 1. N ni 1.

Utajua umefanikiwa ukiona vipeo viwili vimefanana, na kabla ya kubana mkia kwenye N, namba iliyosogezwa bado ina thamani ile ile. Hapa 0.0001001 × 8 ni 0.5 + 0.0625. Ni sawa.

## Hatua ya 2: Jumlisha mantisa

Hii ni fupi. Alama zikifanana, jumlisha. Zikitofautiana, toa ndogo kwenye kubwa na jibu lichukue alama ya kubwa. Vyumba vya M, K na N vinashiriki kama tarakimu nyingine yoyote.

```
1.000 | 0 0 0
0.000 | 1 0 1  +
-------------
1.000 | 1 0 1    × 2^3
```

## Hatua ya 3: Rudisha umbo la kawaida

Tazama kushoto kwa nukta. Ukiona 1 peke yake, usiguse kitu. Mfano wetu uko hivyo.

Ukiona 10 au 11, jumla imefurika: sogeza kulia mara moja na uongeze kipeo kwa 1. Biti ya mwisho ya mantisa inaingia M, ya M inaingia K, na iliyokuwa K inakutana na N. Moja kati yao ikiwa 1, N inakuwa 1.

Ukiona 0, ambayo hutokea baada ya kutoa, sogeza kushoto mpaka 1 ifike kabla ya nukta, na kila msogeo upunguze kipeo kwa 1. Kama vyumba vyote ni 0, jibu ni sifuri, usiendelee kusogeza.

## Hatua ya 4: Kadiria

Sasa soma M, K na N pamoja. Ukilinganisha na `100`, ambayo ni nusu ya mwanya kamili, hali ni tatu tu:

- Chini ya `100`: futa vyumba vya akiba, mantisa ibaki ilivyo.
- Juu ya `100`: futa, kisha ongeza 1 kwenye biti ya mwisho ya mantisa.
- `100` kamili: jumla iko katikati kabisa ya majirani wawili. Chagua yule ambaye biti yake ya mwisho ni 0, yaani shufwa.

Mfano wetu una `101`. Ni juu ya `100`, kwa hiyo 1.000 inakuwa 1.001, na jibu ni `1.001 × 2^3`, yaani 9.

Hakiki: jumla halisi ni 8.5625. Majirani ni 8 na 9. Kutoka 8 umbali ni 0.5625, kutoka 9 ni 0.4375. Tisa ni karibu zaidi. Sawa.

Sasa fikiria kama ungefuta ule mkia na kuacha N ikiwa 0. Ungesoma `100`, ungedhani ni katikati kabisa, ungechagua shufwa, na jibu lingekuwa 8. Biti moja uliyoidhani uchafu imekupotezea moja nzima.

Kwa nini shufwa, si kupandisha siku zote kama tulivyofundishwa kuhusu 0.5 shuleni? Kwa sababu ukipandisha siku zote, hesabu ndefu yenye sare nyingi inaelemea juu kidogo kidogo. Kwa kuchagua shufwa, sare nyingine zinapanda na nyingine zinashuka. Hii ndiyo kanuni ya kawaida ya IEEE 754, kiwango cha kimataifa cha hesabu za nukta inayoelea, na ndiyo mashine nyingi hutumia usipoziambia vingine.

## Mfano unaofurika: 7 + 2.5

7 ni `1.110 × 2^2`, na 2.5 ni `1.010 × 2^1`. Tofauti ya vipeo ni 1.

```
1.110 | 0 0 0    × 2^2
0.101 | 0 0 0  + × 2^2
-------------
10.011 | 0 0 0   × 2^2
1.001 | 1 0 0    × 2^3
```

Mstari wa mwisho ni hatua ya 3: tumesogeza kulia na 1 imeangukia M. Sasa ni `100` kamili. Biti ya mwisho ya mantisa ni 1, witiri, kwa hiyo tunapandisha: 1.010 × 2^3, yaani 10. Jumla halisi ni 9.5, katikati ya 9 na 10.

Wengi hapa hukadiria kabla ya kusogeza. Wanaona `000`, wanasema hakuna cha kukadiria, kisha wanasogeza na biti inaanguka bila mtu kuiona. Wanapata 9. Kwa hiyo umbo kwanza, makadirio baadaye.

## Mfano wa kurudi nyuma: 13 + 2.75

13 ni `1.101 × 2^3` na 2.75 ni `1.011 × 2^1`. Sogeza ya pili mara mbili.

```
1.101 | 0 0 0    × 2^3
0.010 | 1 1 0  + × 2^3
-------------
1.111 | 1 1 0    × 2^3
```

Umbo ni la kawaida. `110` ni juu ya `100`, pandisha. Lakini 1.111 ukiiongeza 1 mwishoni inakuwa 10.000. Makadirio yenyewe yamefurisha mantisa! Rudi hatua ya 3: sogeza kulia, ongeza kipeo: `1.000 × 2^4`, yaani 16. Jumla halisi 15.75, na 16 ndiyo jirani wa karibu.

Ukiandika programu ya hatua hizi, weka ukaguzi huu baada ya kukadiria. Kosa hili halionekani kwenye majaribio machache, kwa sababu linahitaji mantisa iliyojaa 1 tupu.

## Mfano wa kutoa: 8 − 7.5

Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari akiuliza, "Mwalimu, nane toa saba na nusu inakuwaje moja?" Nilipotazama, hakuwa na kosa la kutoa hata moja.

7.5 ni `1.111 × 2^2`. Inasogea mara moja kulia:

```
1.000 | 0 0 0    × 2^3
0.111 | 1 0 0  − × 2^3
-------------
0.000 | 1 0 0    × 2^3
```

Mantisa yote ni 0. Jibu zima limehifadhiwa kwenye biti mlinzi. Sogeza kushoto mara 4, kipeo kishuke kutoka 3 mpaka −1: `1.000 × 2^-1`, yaani 0.5. Ni sahihi kabisa, hata hakuna cha kukadiria.

Mwanafunzi yule alikuwa amefuta biti iliyotoka. Akabaki na 1.000 − 0.111 = 0.001, mara 8, akapata 1. Nilimwambia, "Mwanangu, kutoa kwako ni kuzuri. Ulichofuta ndicho kilichokuwa jibu."

Swali linalofuata huja lenyewe: ikiwa tunasogeza kushoto mara nne, si tutafikia biti nata, ambayo si tarakimu halisi bali ni ishara tu? Hatutaifikia kwa ubaya, na sababu inafaa kuieleza polepole.

Vipeo vikitofautiana kwa 1, kinachotoka ni biti moja, nayo inaingia M. K na N ni 0 halisi. Unaweza kusogeza kushoto utakavyo.

Vipeo vikitofautiana kwa 2 au zaidi, namba ndogo baada ya kusogezwa haifiki nusu, na kubwa ni angalau 1. Tofauti yao inazidi nusu, kwa hiyo 1 ya kwanza ya jibu iko, kwa uchache, mara tu baada ya nukta. Msogeo wa kushoto ni mmoja tu. M inaingia kwenye mantisa, K inakuwa M mpya, na N bado iko nyuma yake kutoa ushahidi kama kuna kilichobaki.

Jaribu na 8 − 0.5625:

```
1.000 | 0 0 0    × 2^3
0.000 | 1 0 1  − × 2^3
-------------
0.111 | 0 1 1    × 2^3
1.110 | 1 1 0    × 2^2
```

`110` inapandisha: `1.111 × 2^2`, yaani 7.5. Jibu halisi ni 7.4375, majirani ni 7 na 7.5. Sawa. Ndiyo sababu vyumba vinatosha vitatu, hata kama namba imesogezwa mara hamsini.

## Kwenye mashine: ndoo ya shilingi hamsini

Kijana wa darasa langu aliandika programu ya kujumlisha mauzo ya vioski vya maji, ndoo moja shilingi 50. Ilienda vizuri kwa muda mrefu. Kisha kila ndoo mia zilizouzwa, programu ikaongeza 4,800 badala ya 5,000. Watu wakaanza kumtazama mkusanya fedha kwa jicho baya.

Alikuwa ametumia `float`, aina ya namba ya nukta inayoelea katika lugha ya C. Mantisa yake ina biti 24, na hatua ni zile zile nne. Chukua jumla ya 40,000,000. Namba hii iko kati ya 2^25 (33,554,432) na 2^26, hivyo kipeo ni 25, na mwanya ni 2^(25−23), yaani shilingi 4. Programu haina namna ya kuandika 40,000,050, kwa sababu haigawanyiki kwa 4.

Hatua ya 1: 50 ni 110010, yaani `1.10010 × 2^5`. Inasogea kulia mara 20. Ndani ya mantisa zinabaki 1100, ambazo ni 48. Biti inayofuata, 1, inaingia M. Nyuma yake ni 0 tupu.

Hatua ya 2 na 3: jumla ni 40,000,048 na akiba ni `100`. Umbo ni la kawaida.

Hatua ya 4: ni sare. Majirani ni 40,000,048 na 40,000,052. Gawa kwa 4 uone biti ya mwisho: 10,000,012 ni shufwa, 10,000,013 ni witiri. Inachaguliwa 40,000,048. Shilingi mbili zimepotea, na ndoo inayofuata hali ni ile ile, kwa sababu kutoka shufwa ukiongeza 12 unarudi kwenye shufwa. Sare zote zinaangukia chini.

Hakikisha mwenyewe:

```c
#include <stdio.h>
int main(void) {
    float jumla = 40000000.0f;
    jumla = jumla + 50.0f;
    printf("%.1f\n", jumla);
    return 0;
}
```

Utaona `40000048.0`.

Hii pia inaeleza kwa nini mwanzoni hakukuwa na tatizo. Chini ya 33,554,432 mwanya haukuzidi shilingi 2, na 50 inagawanyika kwa 2 bila baki. Jumla ilipovuka mpaka huo, mwanya ukawa 4, na hasara ikaanza siku hiyo hiyo.

Dawa ya kwanza ni kutotumia nukta inayoelea kwa fedha isiyo na senti: `long long`, aina ya namba kamili, inatosha na inabaki na kila shilingi. Ukilazimika kubaki na `float`, jumlisha mauzo ya siku peke yake kwanza, kisha uongeze kwenye jumla kubwa mara moja. Ndoo mia zikiingia kama 5,000 hazipotezi kitu hapa, maana 5,000 inagawanyika kwa 4. Ama badilisha `float` iwe `double`, yenye mantisa ya biti 53, ambayo huandika kila namba kamili mpaka 9,007,199,254,740,992. Kijana alichagua `long long`, akaendesha upya hesabu za nyuma kutoka kwenye daftari la risiti, na jumla ikalingana na fedha za mkusanyaji shilingi kwa shilingi.